Bastola ilikuja Ijumaa, kitisho kilikuja Jumanne

*Shikamoo Wakili,*

*Mdogo wangu ni dereva. Mahakama ilimfungia leseni miezi sita, akaishiwa, akaenda kukopa kwa mtu ambaye sote tunamjua: usipomlipa, watu wake wanakuvunja. Mdogo wangu alimjua kuliko sisi, maana mara mbili aliwahi kumwendeshea gari usiku bila kuuliza limebeba nini.*

*Jumanne moja jioni yule mtu akamwambia, "Ijumaa usiku utawapeleka vijana wangu kazini. Ukikataa, saa anayotoka binti yako shuleni tunaijua." Jumatano akaja kwangu akalia. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze, afanye yaishe. Ijumaa wakaja wawili, mmoja akakaa kiti cha mbele, bastola mapajani. Wakavunja ghala, wakampiga mlinzi nondo ya kichwa. Mbele ya safari wakahamia gari jingine na mali yao. Mdogo wangu akageuza, akamfuata yule mlinzi, akamkimbiza hospitali, kilomita 11. Mlinzi amepona. Kisha akaendesha hadi nyumbani, akalala, na Jumamosi alasiri akakamatwa akiwa bado kwenye usukani.*

*Ameshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha na kwa kuendesha gari akiwa amefungiwa leseni. Wakili wake anasema utetezi wa kushurutishwa ni dhaifu. Dhaifu vipi, na mtoto alikuwa anatajwa? Sheria hii ilitungwa kwa watu wa mawe? Na je, mlinzi angekufa? Nimewaza niseme mahakamani kwamba kitisho kilikuja Ijumaa ileile. Shati lake lenye damu ya mlinzi ninalo kwenye ndoo, sijalifua.*

*Dada wa dereva*

Marahaba, dada.

Hilo la kuhamisha kitisho kutoka Jumanne kwenda Ijumaa liache kabisa. Najua limetoka wapi. Umenusa kwamba siku zile tatu ndizo zinazommaliza mdogo wako, na pua yako haijakosea. Lakini kama alipigiwa simu Jumanne, simu hiyo ina kumbukumbu, ujumbe kama upo una tarehe, na yeye mwenyewe huenda ameshaitaja Jumanne katika maelezo aliyoandika polisi. Ukisimama wewe kizimbani na Ijumaa yako ya kubuni, mwendesha mashtaka hahitaji zaidi ya dakika tano. Baada ya hapo hakuna atakayeamini hata ile bastola, ambayo ilikuwepo kweli. Nawe utakuwa umejitengenezea kesi yako ya kutoa ushahidi wa uongo.

Sasa kwa nini siku tatu ziwe na uzito kiasi hicho. Anayejitetea kwa shuruti hasemi kwamba hakufanya. Alifanya, akijua anachofanya, mkono wake ndio ulioshika usukani. Anachosema ni kwamba hakuwa na uchaguzi ambao binadamu wa kawaida angeweza kuutumia. Mahakama nazo zina neno hapa, na neno hilo linamhusu yule mlinzi. Mtu anayempiga jambazi aliyemvamia amemuumiza mkosaji. Mtu anayeshurutishwa huhamisha balaa lake na kumwangushia asiyehusika. Mlinzi hakukopa, hakutisha mtu, alikuwa kazini. Ndiyo maana jaji huhitaji kuona kwamba njia zilikuwa zimefungwa kweli, na haimtoshi kusikia kwamba zilikuwa ngumu. Ipo na sababu ya pili ambayo majaji hawaifichi: kama kutishwa na mkubwa kungetosha, kila bosi wa genge angeweza kuwagawia vijana wake msamaha kabla ya kazi kuanza.

Swali la kwanza katika mahakama zinazofuata mkondo wa Uingereza ni kama aliogopa kwa haki kifo au jeraha baya, na kama mtu mwenye uthabiti wa kawaida, aliye katika hali yake, angetii. Kipimo hiki kiliwekwa katika kesi ya Graham mwaka 1982. Si kipimo cha mtu wa mawe, dada, ila si cha mwoga kupita kiasi pia. Umri, ujauzito, ulemavu mkubwa au ugonjwa wa akili unaotambulika huhesabiwa, kuwa mwoga tu kwa tabia hakuhesabiwi. Kitisho dhidi ya mtoto wako kinahesabika kama kitisho dhidi yako. Hapa mdogo wako anapita, nami sioni mwendesha mashtaka mwenye akili akipoteza muda wake hapa.

Swali la pili ndilo linalouma: je, palikuwa na njia halali ya kutokea kabla ya tendo? Mwaka 1971 mahakama ya rufaa ya Uingereza ilisikiliza kesi ya Hudson na Taylor, wasichana wawili, mmoja miaka 19 na mwenzake 17, waliotoa ushahidi wa uongo katika kesi ya mtu aliyejeruhi. Walikuwa wametishiwa kukatwakatwa, na siku ya ushahidi mmoja wao akamwona mtu wa genge lile amekaa ukumbini anawatazama. Upande wa mashtaka ukasema ndani ya mahakama hapakuwa na hatari yoyote, na polisi wapo. Majaji wa rufaa wakawapa wasichana haki yao. Walisema si lazima kisu kiwe shingoni wakati uleule, na kwamba ulinzi wa polisi si kila mara unatosha. Mtu anatazamwa kwa umri wake, hali yake na hatari za njia anayoambiwa angepita.

Kesi hiyo ingemfaa sana mdogo wako kama ingebaki peke yake. Lakini mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, yaani ile ya Mabwana, iliamua kesi ya Hasan, na jaji Lord Bingham akaikosoa waziwazi ile ya wasichana. Kwa maneno yangu mimi, alisema hivi: kama kitisho hakitegemewi kutekelezwa papo hapo au karibu na papo hapo, mtu huyo ana muda, na mwenye muda anatakiwa aende polisi au atafute njia nyingine ya kulikwepa tendo.

Upime usiku ule kwa kipimo hicho. Ijumaa usiku, bastola ikiwa mapajani mwa jirani yake, mdogo wako hana njia. Ukianzia hapo, utetezi wake ni mzuri. Ila mwendesha mashtaka hataanzia hapo. Ataanzia Jumatano asubuhi, aulize: uliamka, ukaenda wapi? Kama alifanya shughuli zake, akapita mbele ya kituo cha polisi, binti akaenda shule kama kawaida, basi ataambiwa kwamba mtu anayeamini mwanawe atauawa humtoa shuleni kwanza. Angeweza kumhamishia kwa ndugu. Angeweza kutokuwepo nyumbani Ijumaa. Maswali haya hayana huruma, nami siyapendi, ila ndiyo yatakayoulizwa. Wakili wake anatakiwa awe na majibu ya kweli: je, alimhamisha mtoto? Alijaribu kumsihi yule mtu? Anajua mtu aliyewahi kuripoti yakamrudia? Jibu la jumla kwamba "polisi hawasaidii" halitoshi. Tukio la kweli, lenye mtu na tarehe, linaweza kutosha.

Hapo ndipo Jumatano yako inapokuwa na thamani kuliko Ijumaa ya uongo. Wewe ni shahidi kwamba kitisho kilikuwepo kabla ya wizi, kabla mtu yeyote hajawa na sababu ya kukitunga. Karibu kila mshtakiwa wa namna hii anakwama kwa kuwa anayesimulia kitisho ni yeye peke yake. Ndiyo, ushahidi wako una upande mwingine: unaonyesha alikuwa na muda, na kwamba ushauri aliopewa ulikuwa mbaya, nao ulitoka kwako. Mwambie wakili yote mawili, yeye ndiye apime kama akuite. Naye atakueleza pia kama maneno uliyomwambia Jumatano yanaweza kukuletea matatizo wewe mwenyewe. Muulize hilo kabla hujaandika maelezo popote.

Kuna jambo la tatu, na nadhani hili ndilo lililomfanya wakili aseme "dhaifu". Ni zile safari mbili za usiku. Katika Hasan mshtakiwa alikuwa akimfanyia kazi mwanamke mmoja, dereva na mlinzi wake. Mpenzi wa mwanamke huyo alikuwa muuza dawa za kulevya mwenye sifa ya ukatili, naye akamlazimisha avunje nyumba ya watu. Mahakama ilisema hivi: mtu akijiingiza kwa hiari yake katika ushirika na wahalifu, na akawa anajua au alipaswa kujua kwamba anaweza kutumiwa kwa vitisho, hawezi baadaye kukimbilia utetezi wa shuruti. Na haihitajiki awe alitabiri wizi huu hasa. Kabla ya hapo, mwaka 2000, mtumiaji wa heroini katika kesi ya Heath, aliyekuwa na deni la dawa, alilazimishwa kusafirisha bangi. Naye alikataliwa utetezi kwa hoja hiyohiyo: deni lenyewe alilichukua akijua linatoka kwa watu wa namna gani.

Mkopo peke yake si ushirika na wahalifu. Maskini anayekopa kwa mtu mkali kwa kuwa hana pengine pa kukopa si mwanachama wa genge, na wakili anaweza kulisimamia hilo kwa nguvu. Zile safari mbili ndizo zinazogeuza sura ya jambo. Alibeba nini? Alilipwa? Alishuku? Kama kweli hakujua, aeleze kwa nini hakujua. "Sikuuliza" ni jibu ambalo mwendesha mashtaka hulipenda sana, kwa sababu asiyeuliza mara nyingi ni yule anayeogopa kujibiwa.

Hukutaja nchi, na hili lina maana. Kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania, ambazo zilitungwa enzi za ukoloni, ni finyu kuliko hayo niliyoeleza. Maneno yake yanataka kosa liwe la watu wawili au zaidi, anayetisha awe mmoja wa wakosaji hao, kitisho kiwe cha kumuua au kumjeruhi vibaya mshtakiwa mwenyewe, na kiwe juu yake muda wote wa tendo. Kisha zinasema wazi kwamba kitisho cha madhara ya baadaye hakiondoi hatia ya kosa lolote. Ukisoma neno kwa neno, binti hayumo. Kwa hiyo kama uko huko, ile bastola ya kiti cha mbele ndiyo nguzo ya kesi, na kitisho cha shuleni kinabaki kuwa maelezo ya jinsi alivyofika kwenye kiti kile. Muulize wakili anategemea kipi kati ya hivyo viwili, kwa kuwa ukivichanganya, kilicho dhaifu kinakivuta chini kile chenye nguvu.

Sasa shtaka la leseni. Nashangaa kwamba umeligusa kwa sentensi moja, maana hapa mdogo wako ana hoja nzuri kuliko anavyodhani. Hapa hakuna aliyemwamuru. Kilichomsukuma ni hali yenyewe: mtu anavuja damu kichwani, usiku, kilomita 11 kutoka hospitali. Huu ndio utetezi wa dharura. Uingereza majaji wamekuwa wakiuita shuruti ya mazingira, kwa kuwa wanaogopa mlango mpana wa dharura na wameona afadhali waupitishe kwenye mlango mwembamba wa shuruti. Katika kesi ya Martin mwaka 1989, mtu aliyefungiwa leseni alimwendesha mtoto wa kambo kazini kwa kuwa mkewe alitishia kujiua asipofanya hivyo. Ukisikia unaweza kucheka, lakini mahakama ya rufaa ilisema utetezi wake ulistahili kusikilizwa, na hukumu ikafutwa. Kama huyo alistahili kusikilizwa, dereva aliyembeba majeruhi anastahili zaidi.

Vipimo vyake vimeelezwa vizuri na mahakama ya juu ya Kanada katika kesi ya Perka ya mwaka 1984, iliyohusu meli ya bangi iliyopata hitilafu baharini ikalazimika kukimbilia pwani ya Kanada. Hatari iwe ya sasa hivi, pasiwe na njia halali inayowezekana, na madhara ya kuvunja sheria yawe madogo kuliko yale yanayoepukwa. Mpime mdogo wako. Hatari ilikuwepo. Kuendesha bila leseni kilomita 11 ni kidogo mbele ya maisha ya mtu. Kilichobaki ni njia nyingine: alikuwa na simu? Angeweza kuita gari la wagonjwa? Lingefika kwa muda gani? Palikuwa na mtu mwingine ghalani? Haya yakijibiwa sawasawa, safari ile inasimama.

Lakini inasimama hadi lango la hospitali tu. Dharura huisha pale hatari inapoisha. Mwaka 1995 mahakama hizohizo za Uingereza zilishughulika na kesi ya Pommell, mtu aliyekutwa na polisi asubuhi akiwa kitandani na bunduki yenye risasi. Alisema usiku ule alimnyang'anya mtu aliyekuwa anakwenda kulipiza kisasi, na alitaka ipelekwe polisi kukicha. Majaji walikubali kwamba utetezi upo, kesi ikarudishwa isikilizwe upya, ila wakasisitiza kwamba mtu lazima aache kuvunja sheria mara tu anapoweza. Pommell alikuwa na saa chache za usiku za kueleza. Mdogo wako ana safari ya kurudi nyumbani na Jumamosi hadi alasiri. Kwa Jumamosi sina la kumsaidia, na wakili akijaribu kuitetea atachafua na ile ya hospitali. Afadhali akiri kipande hicho na ashikilie kile kingine.

Uliuliza kuhusu kifo. Mlinzi angekufa, na shtaka likawa la mauaji ya kukusudia, mlango wa shuruti Uingereza ungekuwa umefungwa kabisa. Ndivyo ilivyoamuliwa katika Howe mwaka 1987, na tangu Gotts ya 1992 hata kwa jaribio la kuua. Mzizi wake ni kesi ya mwaka 1884 ya nahodha Dudley na msaidizi wake Stephens, ambao mashua yao Mignonette ilizama mbali na pwani ya Afrika ya kusini. Baada ya siku kama 20 ndani ya kiboti, wakiwa hawana chakula wala maji, walimuua kijana wa meli, Richard Parker wa miaka 17, wakamla. Siku nne baadaye wakaokolewa. Jaji Coleridge aliuliza swali ambalo halijapata jibu hadi leo: nani apime uhai wa nani una thamani kuliko wa mwenzake? Alichaguliwa aliyekuwa mnyonge kuliko wote. Walihukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikapunguzwa ikawa kifungo cha miezi sita, na hapo utaona sheria ilivyokataa kuwaondolea hatia huku ikijua kwamba haiwezi kuwanyonga. Si kila nchi imefuata. Afrika Kusini, katika kesi ya Goliath ya mwaka 1972, ilikubali kwamba shuruti inaweza kuondoa hatia hata ya mauaji.

Shuruti ikikataliwa katika shtaka la unyang'anyi, bado ina kazi wakati wa adhabu. Jaji anaweza kusema ana hatia na hapohapo akaona kwamba huyu hakuwa sawa na wale wawili: alitishwa, hakupata mgao, alirudi kumwokoa mlinzi. Kurudi kule kuna uzito mkubwa, kwa kuwa wenzake wangemwona angelipa yeye. Ila kama sheria ya huko imeweka kifungo cha chini kisichoshuka, huruma ya jaji ina ukomo, na hapo wakili anapaswa kuzungumza mapema na upande wa mashtaka kuhusu kosa dogo zaidi au kuhusu mdogo wako kutoa ushahidi dhidi ya aliyemtuma. Hilo la mwisho lisiamuliwe kabla binti hajahamishwa mahali salama.

Usifute kitu kwenye simu yako, hata kama kuna ujumbe wa Jumatano unaokuaibisha. Hospitali ina daftari la mapokezi lenye saa aliyoingia mlinzi na jina la aliyemleta, wakili aliombe mapema. Shati litoe kwenye ndoo. Kama halijaguswa na maji, liache likauke lenyewe kivulini, uliweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki maana huozesha damu, kisha umpelekee wakili leo. Kama umeshaliloweka, mwambie hivyohivyo.